Kabla ya kubonyeza Buy au Sell: ukaguzi wa chati, chumba cha Kansanga

Ni kwa EURUSD na XAUUSD tu, kwenye MT5. Isome chati ikiwa wazi mbele yako, kalamu mkononi. Jibu la "nadhani" ni hapana. Mahesabu yote hapa ni ya akaunti ya dola 400, na kila tredi inahatarisha asilimia 1, yaani dola 4.

Mwelekeo

☐ Nimeanza na D1, kisha H4. M15 bado sijaifungua.

☐ Naweza kuonyesha kwa kidole vilele viwili na mabonde mawili ya mwisho kwenye H4. Yote yanapanda, au yote yanashuka. Kama kimoja kinapanda na kingine kinashuka, soko halina mwelekeo, hata kama jana lilikimbia vizuri.

☐ D1 na H4 hazipingani.

Viwango

☐ Nimechora sapoti na rezistensi zisizozidi nne. Chati yenye mistari kumi na miwili itakupa sababu ya kununua popote.

☐ Kila kiwango ni ukanda, siyo uzi. Mfano: 1.0840 hadi 1.0855.

☐ Bei imefika kwenye ukanda wangu. Haiko katikati ya njia.

☐ Kutoka ninapoingia hadi kiwango kinachofuata kuna nafasi ya angalau mara mbili ya umbali wa stop losi.

Mtikisiko wa bei

☐ Nimesoma ATR(14) ya H4 na kuiandika.

☐ Nimelinganisha mwendo wa leo na ATR(14) ya D1. Ikiwa bei imeshamaliza mwendo wake wa kawaida wa siku, aliyechelewa ni mimi.

☐ Nimeangalia kalenda ya habari kwa saa zetu. Ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutangazwa saa tisa na nusu alasiri wakati saa za Marekani zimesogezwa mbele, na saa kumi na nusu zikirudi. Nusu saa kabla na baada, mikono mfukoni. Saa iliyo chini ya chati ni ya seva ya broka, usiichukulie kuwa ya Kampala.

Stop losi

Hapa ndipo tunapobishana kila wiki, kwa hiyo soma polepole.

☐ Stop losi inakaa pale ambapo wazo langu litakuwa limekufa. Loti ndiyo inayofuata stop losi, kamwe siyo kinyume chake.

Tazama. Nataka kununua EURUSD kwa 1.0860. Bonde la mwisho la H4 ni 1.0828, ATR ni pipsi 22. Naweka stop losi chini ya bonde kwa nusu ya ATR: 1.0817. Umbali ni pipsi 43. Loti 0.01 ni senti 10 kwa kila pipsi, kwa hiyo nikipigwa napoteza dola 4.30. Imezidi dola 4, na loti ndogo zaidi broka wetu hatoi. Rezistensi iko 1.0930, pipsi 70 tu, haifiki mara mbili. Mtu atasema, "Basi sogeza stop losi juu kidogo." Hapana. Weka oda ya kusubiri 1.0852: umbali unakuwa pipsi 35, hasara dola 3.50, na hadi 1.0930 kuna pipsi 78. Bei isiporudi, safari njema.

☐ Kwa Sell, nimeongeza spredi juu ya stop losi. Chati ya kawaida huchora Bid, lakini Sell hufungwa kwa Ask. Utaapa kwamba bei haikugusa, na umeshatolewa. Spredi hupanuka hasa karibu na saa sita usiku kwetu, New York wakifunga siku (saa saba majira yao ya baridi).

☐ Stop losi nimeiandika ndani ya oda yenyewe. Hiyo hukaa kwenye seva, umeme ukatike au bando liishe. Trailing Stop ya kompyuta hutegemea programu ikiwa wazi. Hapa kwetu usiiamini usiku.

Ruka, hata kama yote ya juu yamepita

☐ Nimepoteza tredi mbili leo.

☐ Nimeona setapu hii kwenye kundi la Telegramu kabla ya kuiona kwenye chati.

☐ Nina Buy ya EURUSD tayari na sasa nataka Buy ya XAUUSD. Zote mbili ni kuuza dola; ukikosea kwa moja, mara nyingi umekosea kwa zote.

☐ Ni Ijumaa jioni na sitaki kulala nayo wikiendi. Soko likifunguka na pengo Jumatatu alfajiri, stop losi hujazwa kwa bei iliyopo, siyo uliyoandika.

☐ Pesa iliyomo ni ya kodi ya nyumba au ada ya chuo.

Alama moja tu katika sehemu hii inatosha kuruka. Ukiruka, piga picha ya chati, andika tarehe na sababu kwenye daftari la chumba, kisha funga chati hiyo hadi mshumaa ujao wa H4.