Muhtasari wa makala: dawa nne za Ebola zilizopimwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina

Kwa wauguzi wa vituo vya afya vya zoni za Goma na Karisimbi, kwa ajili ya kikao chetu cha kusoma cha Ijumaa

Makala hii ilitoka Desemba 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine. Daktari Sabue Mulangu ndiye mwandishi wa kwanza, na Profesa Jean-Jacques Muyembe yumo kati ya waandishi. Utafiti wenyewe unajulikana kwa jina la PALM. Nimeichagua kwa sababu wagonjwa wake ni watu wa huku kwetu Kivu, na kwa sababu wengi bado tunaisimulia nusunusu: tunasema "dawa ilipatikana" tukaishia hapo. Makala inasema zaidi ya hilo, na sehemu inayotuhusu sisi wa vituo vya afya ndiyo inayosahaulika.

Swali

Mlipuko ulipotangazwa Agosti 2018, kulikuwa na dawa kadhaa za kujaribiwa, lakini hakuna hata moja iliyokuwa imethibitishwa kwa binadamu. ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu, ilikuwa imepimwa wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi kwa watu 72 tu. Waliopewa walikufa asilimia 22, wasiopewa asilimia 37. Tofauti hiyo ilitia moyo, ila idadi ya watu ilikuwa ndogo mno kuweza kuamua. Watafiti wa PALM wakauliza: je, kuna dawa inayopunguza vifo ndani ya siku 28 kuliko ZMapp?

Zilizoshindanishwa nayo ni tatu. Remdesivir huzuia virusi visijizalishe. MAb114 ni kingamwili moja, na asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. REGN-EB3 ni kingamwili tatu pamoja.

Njia

Wagonjwa 681 waliingizwa kuanzia tarehe 20 Novemba 2018 hadi 9 Agosti 2019, katika vituo vinne vya matibabu ya Ebola. Walikuwa watu wa kila umri, wajawazito wakiwemo, na hata watoto wachanga ambao mama zao walithibitishwa kuwa na Ebola. Kila mmoja alipangiwa dawa kwa kura, si kwa chaguo la daktari. Kura ilizingatia kituo na wingi wa virusi, ili wagonjwa mahututi wasirundikane upande mmoja.

Wote walipata huduma ya msingi ileile: maji ya mshipa, vipimo vya damu, kurekebisha sukari na chumvi za mwili, antibiotiki na dawa ya malaria palipohitajika. Tusiipite haraka hoja hii. Hakuna mgonjwa aliyepewa dawa peke yake bila uuguzi.

MAb114 na REGN-EB3 hutolewa kwa dripu moja tu. ZMapp huhitaji dripu tatu, kila baada ya siku tatu, na remdesivir hutolewa kila siku kwa siku nyingi. REGN-EB3 iliongezwa baada ya utafiti kuanza, kwa hiyo ililinganishwa tu na wagonjwa wa ZMapp walioingia kuanzia wakati huo.

Matokeo

Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru ya usalama iliangalia takwimu za wagonjwa 499 na kushauri ZMapp na remdesivir ziachwe, kwa kuwa tofauti ilikuwa imeshaonekana wazi. Hesabu ya mwisho ilichukua watu 673. Hivi ndivyo walivyokufa ndani ya siku 28:

MAb114: 61 kati ya 174, yaani asilimia 35.1, dhidi ya 84 kati ya 169 wa ZMapp, asilimia 49.7.

REGN-EB3: 52 kati ya 155, asilimia 33.5, dhidi ya 79 kati ya 154 wa ZMapp wa kipindi kilekile, asilimia 51.3.

Remdesivir: 93 kati ya 175, asilimia 53.1. Haikuishinda ZMapp.

Wengi huishia hapa. Lakini fungueni jedwali linalogawa wagonjwa kwa wingi wa virusi. Kipimo ni Ct ya PCR: namba ikiwa ndogo, virusi ni vingi. Mpaka uliowekwa ni 22. Wenye Ct ya juu ya 22, yaani virusi vichache, walikufa asilimia 9.9 kwa MAb114 na 11.2 kwa REGN-EB3, wakati kwa ZMapp ilikuwa 24.5. Mgonjwa wa kundi hili akipata dawa nzuri, tisa kati ya kumi wanarudi nyumbani.

Wenye Ct ya 22 au chini yake walikufa asilimia 69.9 kwa MAb114 na 63.6 kwa REGN-EB3. Kwa ZMapp ilikuwa 84.5, kwa remdesivir 85.3. Kwa hiyo dawa zilezile tunazozisifu, zikimkuta mgonjwa amejaa virusi, bado zinapoteza zaidi ya nusu.

Halafu kuna siku za kuchelewa. Kila siku moja ya dalili kabla ya kuingia utafitini iliongeza uwiano wa kufa dhidi ya kupona kwa asilimia 11. Siku hizo hazipotei kwenye kituo cha Ebola. Zinapotea nyumbani, duka la dawa, chumba cha maombi, na kwetu pia, pale homa inapotibiwa kama malaria kwa mara ya pili bila mtu kuuliza mgonjwa ametoka wapi au amezika nani. Mchungaji aliyefika Goma kwa basi kutoka Butembo Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa mjini humu, alipita barabara ileile tunayopokea wasafiri wake kila siku.

Madhara mazito yaliyohesabiwa kuwa huenda yametokana na dawa yalikuwa machache sana.

Mipaka

Dawa hazikufichwa: muuguzi na mgonjwa walijua nani anapewa nini. Kwa kuwa kipimo kikuu ni kifo, naona hilo halipunguzi sana uzito wa matokeo.

Hapakuwa na kundi lisilopewa dawa. Tunajua MAb114 na REGN-EB3 zinaishinda ZMapp. Hatuwezi kutoa kwenye makala hii hesabu ya kuzilinganisha na uuguzi mtupu. Vilevile utafiti haukupangwa kuzishindanisha hizo mbili, kwa hiyo anayesema REGN-EB3 ni bora kwa sababu 33.5 ni ndogo kuliko 35.1 anasoma kisichoandikwa.

Karibu robo ya wagonjwa walisema wamechanjwa, na chanjo nayo inaweza kugusa matokeo. Kazi ilifanyika pia katikati ya vita. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019.

Mpaka wa mwisho naongeza mimi: mlipuko ule ulikuwa wa aina ya Zaire, na dawa hizi zimetengenezwa kwa aina hiyo. Isiro mwaka 2012 ilipata aina ya Bundibugyo. Kwa hiyo siku maabara ikisema "Ebola", swali linalofuata ni aina gani, kabla hatujaiahidi familia dawa.

Ijumaa kila mmoja aje na rejista ya kituo chake ya wenye homa ya mwezi uliopita. Tutahesabu pamoja siku kati ya dalili ya kwanza na siku mgonjwa alipotufikia.