Makubaliano ya Awali ya Kuuziana Biashara ya Mashine ya Kukoboa na Kusaga Nafaka, Kihonda, Morogoro

Hati hii imeandikwa leo Jumatatu, tarehe 9 Machi 2026, baina ya Bw. Rashidi Omari Kibwana, mkazi wa Kihonda, Manispaa ya Morogoro, anayefanya biashara kwa jina la Kibwana Nafaka (hapa anaitwa Muuzaji), na Bi. Neema Elia Mkude, mkazi wa Manispaa hiyo hiyo (hapa anaitwa Mnunuzi).

Tumekaa vikao viwili kwenye banda la mashine na kuelewana mambo mengi kwa mdomo. Tunayaandika sasa ili kila mmoja aanze kutumia muda na fedha zake akijua amesimama wapi. Hati ina sehemu mbili, na tofauti yake ndiyo sababu ya kuiandika. Sehemu A inaeleza nia yetu kuhusu mauzo na haimfungi yeyote kisheria. Sehemu B inatufunga sote kuanzia dakika tunaposaini, hata kama mauzo hayatafanyika. Mauzo yenyewe yatatufunga siku tutakapotia saini Mkataba wa Mauzo ulioandikwa, si kabla.

SEHEMU A: NIA YETU (HAIFUNGI KISHERIA)

A1. Kinachouzwa
Mashine moja ya kukoboa, mashine moja ya kusaga na mota zake mbili (nguvu za farasi 30 na 20), stata, mikanda ya akiba, mizani mbili, mashine ya kushonea viroba, na toyo moja ya kubebea mizigo. Pia jina la Kibwana Nafaka, nembo iliyo kwenye viroba vya kilo 5, 10 na 25, namba ya simu ya biashara, na kilemba cha banda.

Haziuzwi: fedha taslimu, akaunti za benki, gari la Muuzaji, na madeni ya aina yoyote. TIN na leseni ya biashara za Muuzaji zinabaki zake. Mnunuzi ataomba za kwake.

A2. Bei
Shilingi 68,000,000, kwa mgawanyo huu: mashine na vifaa 39,000,000, toyo 8,000,000, kilemba, jina na nembo 21,000,000. Mahindi, unga na pumba zitakazokuwepo siku ya makabidhiano zitapimwa na pande zote mbili na kulipiwa pembeni, kwa bei ya jumla ya siku hiyo sokoni.

A3. Malipo
Amana ya 3,000,000 (angalia B4) itahesabiwa ndani ya bei. Siku ya makabidhiano Mnunuzi atalipa 45,000,000 kwa njia ya benki. Zinazobaki, 20,000,000, atalipa kwa miezi 10, milioni mbili kila mwezi. Muuzaji angependa mashine ya kusaga iwe dhamana ya deni hilo mpaka liishe. Mnunuzi hajapinga, ila anataka Mkataba wa Mauzo useme bayana kwamba kuchelewa siku chache hakumpi Muuzaji haki ya kuja kufunga banda. Jambo hili bado halijakwisha.

A4. Banda na umeme
Banda si mali ya Muuzaji. Kodi ni shilingi 400,000 kwa mwezi, hulipwa kwa miezi sita, na mkataba wa pango unaisha tarehe 31 Desemba 2027. Kati ya fedha zote zinazotajwa humu, 21,000,000 za kilemba na jina ndizo zilizo kwenye hatari kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mteja wa kusaga humfuata aliye karibu na nyumbani kwake, na mwenye nyumba akikataa kumpokea mpangaji mpya, kilichonunuliwa kinabaki vyuma vinavyotafuta pa kufungwa. Kwa hiyo nia yetu ni kwamba mauzo hayatakamilika mpaka mwenye banda atoe kwa maandishi ridhaa ya kumpokea Mnunuzi kwa kodi ile ile hadi mwisho wa mkataba uliopo, na aeleze kama yuko tayari kuongeza angalau miaka mitatu. Asipotoa ridhaa hiyo, Mnunuzi anaweza kuomba kununua mashine na toyo peke yake kwa 47,000,000. Muuzaji hajakubali wala hajakataa.

Umeme wa njia tatu uliopo umesajiliwa TANESCO kwa jina la Muuzaji. Atashirikiana na Mnunuzi kuuhamisha, na deni lolote la nyuma kwenye mita ni la kwake.

A5. Wafanyakazi
Wako wanne: wawili mashineni, mmoja kwenye kufungasha, na dereva wa toyo. Mnunuzi anatarajia kuwaajiri wote kwa ujira usiopungua walio nao. Muuzaji atamaliza stahiki zao zote hadi siku ya makabidhiano: mishahara, likizo ambazo hazijachukuliwa, michango ya NSSF, na lolote wanalostahili chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mmoja wao ana miaka tisa pale. Tumekubaliana kwamba wataambiwa na Muuzaji mwenyewe, kwa kukaa nao, siku zisizopungua 14 kabla ya makabidhiano.

A6. Daftari la wadaiwa
Hadi 28 Februari 2026 wateja walikuwa wanadaiwa shilingi 4,350,000. Fedha hizo ni za Muuzaji. Wakizileta bandani baada ya makabidhiano, Mnunuzi atazipokea kwa niaba yake na kumkabidhi kila Ijumaa, kwa muda wa miezi mitatu. Deni la mteja wa zamani halitakuwa sababu ya kumnyima huduma.

A7. Muuzaji baada ya kuuza
Atakaa na Mnunuzi wiki tatu bila malipo, na atamtambulisha kwa wauzaji wa mahindi wa Gairo na Kilosa. Hatafungua wala kuendesha mashine nyingine ndani ya kilomita 5 kutoka kwenye banda kwa miaka miwili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa kawaida haikubali mtu azuiwe kufanya kazi yake halali, ila humvumilia anayeuza jina la biashara akizuiwa ndani ya eneo lililotajwa na kwa kiasi cha haki. Ndiyo maana tumeacha Manispaa nyingine yote wazi kwake.

A8. Masharti kabla ya makabidhiano
Pamoja na ridhaa ya mwenye banda: ukaguzi wa B3 umridhishe Mnunuzi, Muuzaji alete uthibitisho wa TRA kwamba hana kodi anayodaiwa, mabadiliko ya mmiliki wa jina la biashara yapelekwe BRELA, na vibali vya TBS na OSHA vinavyoihusu kazi hii vionekane kama viko hai. Kila mmoja atabeba kodi inayomwangukia kisheria. Tunalenga kukabidhiana tarehe 4 Mei 2026.

SEHEMU B: YANAYOTUFUNGA KISHERIA

B1. Hali ya hati hii
Hakuna kifungu cha Sehemu A kinachomlazimisha Muuzaji kuuza wala Mnunuzi kununua. Kila mmoja anaweza kujitoa kwenye mauzo wakati wowote bila kutoa sababu na bila kulipa fidia, isipokuwa kwa kuvunja kifungu cha Sehemu hii. Ujumbe wa simu, wa WhatsApp, maneno ya "tumemaliza" mbele za watu, au Mnunuzi kuonekana bandani akisaidia kazi, havigeuzi Sehemu A kuwa mkataba. Muuzaji hatamkabidhi Mnunuzi funguo kabla ya Mkataba wa Mauzo, na Mnunuzi hataziomba.

B2. Kutouza kwa mwingine
Kuanzia leo hadi saa 12 jioni ya tarehe 23 Aprili 2026, Muuzaji, yeye mwenyewe au kwa kupitia dalali, ndugu au mtu yeyote, hatatafuta mnunuzi mwingine, hatapokea ofa wala kuzungumza bei na mtu. Akiletewa ofa atajibu tu kwamba ana mazungumzo yanayoendelea, na atamwarifu Mnunuzi ndani ya siku mbili. Akikivunja kifungu hiki, atamrudishia Mnunuzi gharama halisi za fundi, mhasibu na wakili zenye risiti, zisizozidi shilingi 1,500,000.

B3. Ukaguzi
Muuzaji atafungua vitabu vya mauzo vya miaka miwili iliyopita, taarifa za mashine ya risiti, mkataba wa pango, na kumbukumbu za manunuzi ya umeme wa Luku. Hizi za Luku Mnunuzi amezisisitiza, na Muuzaji amezikubali, kwa kuwa uniti zilizotumika kwa mwezi zikilinganishwa na magunia yaliyosagwa huonyesha kama hesabu za daftari zinakwenda pamoja na kazi.

Fundi wa Mnunuzi ataruhusiwa kusaga magunia matatu ya mahindi mfululizo bila kuzima, kwa siku iliyokubaliwa. Beringi iliyochoka hainung'uniki mashine ikiwa tupu. Huanza ikishapata moto. Mahindi ya jaribio yatatolewa na Mnunuzi na unga ni wake. Fundi akiharibu kitu kwa uzembe, Mnunuzi atalipa matengenezo.

B4. Amana
Mnunuzi atamkabidhi wakili aliyeandaa hati hii na kugonga muhuri hapa chini shilingi 3,000,000 ndani ya siku tatu. Wakili atazishika kwa niaba ya wote wawili na hatazitoa kwa maelekezo ya upande mmoja. Mauzo yasipofanyika, kwa sababu yoyote ile, zitarudi zote kwa Mnunuzi ndani ya siku saba tangu mmoja wetu alipoandika kwamba amejitoa. Muuzaji anajua kwamba amana hii si faini na hataidai kama adhabu ya Mnunuzi kubadili mawazo.

B5. Biashara iendelee
Katika kipindi cha B2 Muuzaji ataendesha kazi kama kawaida: hatauza kifaa chochote cha A1, hatapandisha mishahara, hatakopa kwa kuweka mashine rehani, wala hatakopesha mteja mmoja zaidi ya shilingi 300,000 bila kumwarifu Mnunuzi.

B6. Siri
Hesabu, bei, majina ya wauzaji wa mahindi na hata habari kwamba biashara inauzwa vitabaki kwetu, mawakili, mhasibu, fundi, benki na wenzi wetu wa ndoa. Mwenye banda ataambiwa kwa siku tutakayokubaliana. Mnunuzi hatawafuata wafanyakazi wala wauzaji wa mahindi bila ruhusa. Mauzo yakifa, atarudisha nakala zote ndani ya siku saba na kufuta alizo nazo kwenye simu. Kifungu hiki kinadumu miezi 18 tangu leo.

B7. Gharama
Kila mmoja atajilipia washauri wake, isipokuwa ada ya wakili ya kuandaa hati hii, shilingi 300,000, ambayo tunagawana sawa.

B8. Mwisho na migogoro
Sehemu B inakoma Mkataba wa Mauzo ukisainiwa, au kipindi cha B2 kikiisha, lolote litakalotangulia. Lakini B1, B4, B6, B7 na kifungu hiki vinaendelea mpaka viishe vyenyewe, na haki iliyokwisha kupatikana kwa kuvunjwa kwa B2 haipotei. Marekebisho yatakuwa kwa maandishi yaliyosainiwa na wote wawili. Ugomvi ukitokea tutakaa kwanza, kila mmoja na mtu wake mmoja, ndani ya siku 14. Tukishindwana, utakwenda kwenye mahakama yenye mamlaka iliyopo Morogoro, kwa sheria za Tanzania Bara.

Tumesomewa hati hii yote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, tumeielewa, na kila mmoja amepewa nakala moja.

Imesainiwa Kihonda, Morogoro, 9 Machi 2026.

Rashidi Omari Kibwana, Muuzaji
Shahidi wake: Omari Rashidi Kibwana, mwanawe

Neema Elia Mkude, Mnunuzi
Shahidi wake: Elia Petro Mkude, baba yake

Mbele ya wakili aliyeandaa hati, ambaye ametia saini na muhuri wake na kukubali jukumu la kushika amana chini ya B4.