Kwa mwaka wa kwanza: kuhusu hiyo asembli mnayoilalamikia

Vijana wangu, habari za tangu Jumanne.

Siku ile baada ya lab mmoja wenu alibaki anakunja waya zake, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, hii asembli tunaisoma ya nini wakati C ipo na Arduino ipo?" Nikamjibu juu juu maana nilikuwa nakimbilia daladala, jibu lenyewe hata mimi halikuniridhisha. Halafu nikaona kwenye grupu la darasa mnasema ni mambo ya wazee. Haya, mzee mwenyewe huyu hapa anajibu.

Kwanza nikubali, wengi wenu mkishapata kazi mtaandika mistari kumi ya asembli, ishirini ikizidi sana. Na ukishindana na kompaila ya siku hizi kuandika kodi yenye spidi (siyo kodi ya TRA), mara nyingi itakubwaga. Kwa hiyo sifundishi ili muiandike, nafundisha ili muweze kuisoma.

Kabla sijaanza kufundisha niliwahi kumtengenezea mwenye nyumba za kupanga kule Morogoro mita ya maji ya kulipia kabla. Nilitumia ATmega328P, chipu ile ile iliyopo kwenye Uno zenu. Sensa ikizunguka inatoa pulsi, pulsi inaita intarapti, intarapti inaongeza hesabu kwa moja, programu kuu inasoma hesabu na ikiona imepita salio inafunga valvu. Mezani kwangu ilipiga kazi wiki nzima bila shida. Kufika saiti, siku ya tatu mama mmoja ananipigia simu maji yamekatika na ana ndoo moja tu, salio bado lipo. Nikienda kuangalia, hesabu iko sawa kabisa! Nikabadilisha sensa, nikabadilisha waya, nikausingizia umeme, nikaongeza kapasita, nauli inaisha tu na mama ananiangalia kama tapeli.

Mstari wenyewe kwenye C ulikuwa huu, na `volatile` niliweka, msiniulize:

```c
uint16_t n = pulsi;
```

Mstari mmoja, unausoma unaona hauna kosa. Siku nilipochoka nikapiga `avr-objdump -d` nikakuta ni hivi:

```
lds r24, 0x0100
lds r25, 0x0101
```

Ni maelekezo mawili. Chipu ni ya biti 8, namba ni ya biti 16, kwa hiyo inaichukua nusu nusu, baiti ya chini kwanza halafu ya juu. Sasa chukulia hesabu ni 255, yaani `0x00FF`. Programu inachukua `FF`, hapo hapo katikati intarapti inaingia, hesabu inakuwa 256, yaani `0x0100`, programu inarudi kuchukua baiti ya juu inakuta `01`. Umeunganisha `0x01FF`, yaani 511, namba ambayo haijawahi kuwepo popote, na valvu imeshafunga. Kwenye 16 MHz `lds` moja ni saikeli 2, nanosekunde 125, na lazima iangukie pale pale baiti ya juu inapobadilika, ndiyo maana mezani sikuiona. `volatile` inamlazimisha kompaila asome memori kila mara, haimzuii mtu kuingia katikati. Dawa ilikuwa kuzima intarapti kwa muda ule mfupi wa kusoma, `ATOMIC_BLOCK(ATOMIC_RESTORESTATE)`, basi. Ile C ningeweza kuikodolea macho mpaka Krismasi.

Yapo mengine, mtayakuta mbele ya safari: nani anapanga steki na kusafisha memori kabla `main` haijaanza, au kwa nini `digitalWrite` inakula mikrosekunde kadhaa wakati `PORTB |= (1 << 5)` kompaila akiwa ameruhusiwa kubana kodi inageuka `sbi` moja tu, saikeli 2. Hiyo ya mwisho nawaachia muipime wenyewe na osiloskopu, msinichukulie kwa mdomo.

Asembli ni wiki nne tu, baada ya hapo tunarudi kwenye C. Kwenye mtihani sitamwambia mtu aandike programu nzima ya asembli, nitawapa kipande kilichotoka kwa kompaila mniambie kinafanya nini na kinaweza kuharibikia wapi. Jedwali la maelekezo mtapewa, kwa hiyo yule anayekariri tangu wiki iliyopita apumzike.

Alhamisi saa mbili kamili njooni na Uno na kebo inayopitisha data, zile za kuchajia simu tu zilitupotezea nusu saa Jumanne. Mnakaa wawili wawili. Nitawapa kodi ya ile mita, yenye ugonjwa wake, na tutaweka jenereta ya pulsi badala ya maji. Kundi la kwanza kuikamata 511 kwenye skrini, chai na chapati kantini juu yangu.

Mwalimu wenu wa mifumo pachikwa