Ukiona kinyume ndani ya kikomo, kiite y

Wanafunzi wangu wa darasa la jioni, Temeke,

Jumamosi tuliachana swali la sita likiwa bado ubaoni, na wenye ukumbi walikuwa wameshaanza kufunga madirisha. Naliandika hapa lote, mlisome kwa utulivu kabla hatujakutana tena. Swali lenyewe:

lim (x→0) ln(1+x) / x

Wengi mliandika 1, na 1 ndiyo jibu. Ila mlifikaje? Karibu wote mlikimbilia kanuni ya L'Hôpital: deriveti ya ln(1+x) ni 1/(1+x), weka x = 0, umemaliza. Nikamwomba kijana mmoja wa PCM aje ubaoni anionyeshe deriveti ya ln x imetoka wapi. Akaandika

[ln(x+h) − ln x] / h

akaigeuza vizuri kabisa ikawa

(1/x) · ln(1 + h/x) / (h/x)

kisha akasimama na chaki mkononi. Alisimama mahali penyewe. Tazameni sehemu ya pili ya mstari huo: ukiiita h/x herufi t, unapata ln(1+t)/t huku t ikienda 0. Ni lile lile swali la sita. Yaani deriveti tuliyoitumia kulijibu swali imejengwa juu ya jibu la swali hilo hilo. Wapo wanaoanza somo kwa kuifafanua ln kwa eneo lililo chini ya grafu ya 1/x, na kwao deriveti inapatikana mapema. Sisi hatukuanzia huko. Tulianzia kwenye e^x, kwa hiyo hoja yetu lazima itokee kwenye e^x.

Tunachokijua ni hiki: e ni ile namba ambayo mteremko wa grafu ya e^t, pale t = 0, ni 1 kamili. Kwa maandishi,

lim (t→0) (e^t − 1) / t = 1

Huu ndio mtaji wetu, na unatosha. Sasa ln ni kinyume cha e^x: kile ambacho e^x inakifanya, ln inakirudisha. Basi msibaki kuikodolea macho ln mkitafuta namna ya kuivunja. Ipeni jina. Semeni

y = ln(1+x)

Papo hapo e^y = 1+x, na x = e^y − 1. Juu, kwenye kiasi, panabaki y tupu. Chini, kwenye asili, palipokuwa na x panakaa e^y − 1. Logarithimu imetoweka kwenye swali. Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalowapotezea maksi: y inaenda wapi? x inapokwenda 0, 1+x inakwenda 1, na kwa kuwa ln haina mruko pale kwenye 1, y inakwenda ln 1, yaani 0. Basi

lim (x→0) ln(1+x)/x = lim (y→0) y/(e^y − 1) = 1

kwa sababu y/(e^y − 1) ni ule mtaji wetu uliopinduliwa, na 1 ukiipindua inabaki 1.

Chukueni kalkuleta mwone kwamba hakuna ujanja hapa. Weka x = 0.01. ln 1.01 ni 0.00995033. Gawanya kwa 0.01, unapata 0.995033. Sasa njoo upande wa pili: y yako ni hiyo hiyo 0.00995033, na e^y − 1 inarudi 0.01. Uwiano ni ule ule. Tumebadilisha herufi tunayoifuatilia tu, thamani yenyewe haijaguswa.

Nimesema mahali y inapokwenda ndipo panapopoteza maksi. Angalieni hili:

lim (x→0⁺) x ln x

Weka y = ln x, basi x = e^y, na swali linakuwa y·e^y. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika y→0 kwa mazoea, anapata 0 × 1 = 0, anapigia mstari. Jibu la swali ni 0 kweli! Lakini kazi yake haina thamani, kwa sababu x inapokwenda 0 kutoka kulia, ln x inashuka bila kikomo. y inakwenda −∞, na 0 inapatikana kwa sababu e^y inafifia haraka kuliko y inavyokua. Msijipongeze kwa jibu lililotokea kwa bahati. Swali linalofuata litawaumbua:

lim (x→∞) x · (π/2 − arctan x)

Weka y = arctan x, basi x = tan y, na swali ni (π/2 − y)·tan y. Aliyeandika y→0 anapata 0. Lakini x inapokua bila mwisho, arctan x inapanda kuelekea π/2, basi ndiko y inakoenda. Kwa kuwa hapo tan y inalipuka, pumzisha swali kwa herufi nyingine: u = π/2 − y, na u inakwenda 0. tan y inakuwa cos u / sin u, na tunapata

(u / sin u) · cos u → 1 · 1 = 1

Jibu ni 1. Kosa la kituo peke yake lingekupa 0.

Binti mmoja aliuliza, na ni swali zuri kuliko yote ya siku ile: kwa nini tunaruhusiwa kubadilisha herufi ndani ya kikomo? Haturuhusiwi kila mahali. Tuseme umeweka y = x sin(1/x). x inapokwenda 0, y inakwenda 0 pia, ila njiani y inagusa 0 mara zisizo na idadi, kila 1/x inapoangukia kizidishe cha π. Ukiwa na y chini ya mstari, kila mguso huo ni kugawanya kwa sifuri. Kikomo kinataka y ikaribie 0 bila kuwa 0 yenyewe. Hapa ndipo uzuri wa fankisheni kinyume ulipo: ni ya moja kwa moja, thamani moja ya y inatoka kwa x moja tu. ln(1+x) inakuwa 0 pale x = 0 peke yake, na x = 0 tumeshaitoa. Kwa hiyo kwenye mtihani andikeni mstari mmoja: "x ≠ 0, basi y ≠ 0, na x→0 hufanya y→0." Ni sentensi fupi, na ndiyo inayobeba hoja nzima.

Baada ya hapo arcsin ni kazi ya dakika. y = arcsin x, x = sin y, y→0,

arcsin x / x = y / sin y → 1

na arctan x / x inakwenda 1 kwa njia hiyo hiyo, ikipitia y / tan y. Ila kalkuleta inaweza kuwatisha. Mmoja wenu alibonyeza arcsin ya 0.1, akapata 5.739, akagawanya kwa 0.1 akapata 57.39, akaniambia mwalimu, fomula ni ya uongo. Juu ya kioo palikuwa pameandikwa DEG. Ile sin y / y → 1 ni ya radiani. Ukihamia RAD unapata 0.100167, na uwiano ni 1.00167. Kwa digrii kikomo chenyewe ni 180/π, karibu 57.2958, kwa hiyo kalkuleta haikukosea. Ilijibu swali jingine.

arccos inahitaji uangalifu zaidi, na naipenda kwa sababu hiyo:

lim (x→1⁻) arccos x / √(1 − x)

y = arccos x, x = cos y, na x inapokaribia 1 kutoka chini, y inakaribia 0 kutoka juu. Chini pana √(1 − cos y). Kumbukeni 1 − cos y = 2 sin²(y/2). Kipeuo chake cha pili ni √2 · sin(y/2), bila alama ya kutoa, kwa sababu arccos hutoa pembe za kati ya 0 na π, na sin(y/2) humo si hasi. Basi tuna y / (√2 · sin(y/2)), inayokwenda 2/√2, yaani √2. Jaribuni x = 0.99: mtapata 1.4154, na √2 ni 1.4142.

Njia hii inarudi nyuma pia. Anayetaka lim (x→0) (2^x − 1)/x aweke y = 2^x − 1. Basi x = ln(1+y)/ln 2, na swali linakuwa ln 2 · y/ln(1+y), ambalo linakwenda ln 2, karibu 0.6931. Safari hii logarithimu ndiyo iliyoisaidia ile ya kipeo. Na kihistoria logarithimu ndiyo iliyotangulia: John Napier alichapisha majedwali yake mwaka 1614, na Euler akaieleza logarithimu kama kinyume cha kipeo mwaka 1748.

Kwa wale wa EGM wanaoniuliza haya yana kazi gani: weka shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Ikikokotolewa mara moja, unapata 1,120,000. Kila mwezi, 1,126,825. Kila siku, 1,127,475. Inapanda, lakini hatua zinazidi kufupika. Itakoma wapi? Chukua ln ya (1 + 0.12/n)^n, weka x = 0.12/n, na unapata 0.12 · ln(1+x)/x. Swali la sita limerudi! Linakwenda 0.12, basi fedha inaelekea 1,000,000 × e^0.12, yaani shilingi 1,127,497.

Lipo swali moja ambapo herufi moja haitoshi:

lim (x→0) ln(1+3x) / arcsin 2x

Hapa kuna vinyume viwili, na ukikiita kimoja y, kingine kinaharibika. Gawanya juu na chini kwa x kwanza. Juu ni 3 · ln(1+3x)/(3x), chini ni 2 · arcsin 2x/(2x), kila kimoja kina y yake, na jibu ni 3/2.

Jumamosi njooni na haya mawili yakiwa yameandikwa kikamilifu, pamoja na ule mstari wa y ≠ 0: kikomo cha arctan x / ln(1+5x) x ikienda 0, na kikomo cha log₁₀(1+x) / x x ikienda 0. La pili jibu lake ni karibu 0.4343; nataka kuona mmelipata bila L'Hôpital.

Mwalimu wenu