Samahani kwa kuchelewa leo

Shikamoo Mama.

Asubuhi kaunta ilikuwa imejaa watu, nikashindwa kukueleza vizuri. Naomba radhi kwa kuchelewa. Stoo natakiwa kuifungua saa 2:00, mimi nimeingia saa 3:25. Yule mteja wa Morogoro alikuwa ameshaegesha gari anasubiri katoni zake, na funguo ninazo mimi. Najua wewe ndiye uliyebaki unambembeleza.

Nilitoka Mjimwema saa 12:15 kama kawaida. Kufika feri, pantoni lilikuwa moja tu linalovusha, na watu wamejaa mpaka nje ya geti. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimeshalipa 200 yangu na kuingia ndani, nikajipa moyo kwamba safari ijayo napanda. Zikapita mbili sijapanda. Ningegeuka mapema nikazungukia darajani, ningechelewa dakika chache tu. Kosa kubwa zaidi ni kwamba nilikutumia meseji saa 2:10, muda wa kazi umeshapita, wakati tangu saa 1:00 nilikuwa naona kabisa sitawahi. Niliogopa kukupigia, nikawa naombea pantoni liwahi. Hilo la pantoni siliwezi, lakini la kukupigia lilikuwa mikononi mwangu.

Kuanzia kesho natoka nyumbani saa 11:30. Ikifika saa 12:30 sijapanda pantoni, sisubiri tena, nachukua bodaboda hadi ng'ambo ya daraja, nikifika Kurasini nadaka gari la kuja Kariakoo. Ni gharama, ndiyo maana sikuwa napenda njia hiyo, ila nimeshaweka 10,000 pembeni kwenye simu kwa ajili ya siku kama ya leo na sitaigusa kwa vocha wala chipsi. Na nikiona mambo yamekaa vibaya nitakupigia kabla ya saa 1:00. Nitapiga, sio meseji, maana najua asubuhi simu yako inakuwa kwenye pochi.

Kuna moja naomba ruhusa yako. Funguo ya akiba ya stoo ipo kwenye droo yako. Ukiona inafaa, apewe Rehema awe anakuja nayo, kwa sababu yeye anakaa Ilala na huwa anafika wa kwanza. Nimemuuliza, hana shida, ila amesema lazima litoke kwako. Hata mimi nikiumwa, stoo itafunguliwa.

Mteja nimempigia mchana nikamwomba radhi mwenyewe. Mzigo umetoka wote, katoni 18, amesaini. Jioni hii nabaki kumalizia kuingiza risiti za leo, hivyo usisubiri kufunga, nitafunga na mlinzi.

Kama kuna adhabu ya kiofisi naipokea, Mama.

Asha, stoo