Yalichonifunza Maji ya Mto Zigi: Taarifa ya mafunzo kwa vitendo mbele ya Idara ya Kemia

Mkuu wa Idara, walimu wangu, wanafunzi wenzangu, asalamu aleikum na habari za mchana.

Likizo ndefu iliyopita, kuanzia katikati ya Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, nilikuwa Tanga kwenye maabara ya maji ya kunywa. Maji yenyewe hutoka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hulishwa na mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani. Nayataja haya mapema kwa sababu mwenye kusafisha maji Tanga mjini hutazama mawingu ya Amani. Mvua ikinyesha kule juu, huku chini jua kali, mto unaleta udongo mwekundu na dozi ya jana ya shabu haifai tena.

Kazi niliyoifanya zaidi ni jaribio la bika sita. Mnajaza kila bika lita moja ya maji ghafi, mnazipanga chini ya mashine yenye makasia sita, kisha mnatia shabu kwa viwango tofauti ili kuona dozi ipi inayafaa maji ya siku hiyo. Mmumunyo tuliotumia ulikuwa wa gramu 10 kwa lita, hivyo kila mililita moja ya pipeti ni miligramu 10 ndani ya bika. Hesabu hiyo ya kidato cha tatu ndiyo iliyonisaidia kuliko mada nyingi nilizofanyia mitihani hapa! Mnakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole kama robo saa ili chembe zikutane na kushikamana, halafu mnazima mashine na kusubiri nusu saa.

Kuna asubuhi moja baada ya mvua ya milimani ambayo naikumbuka vizuri. Bika ya miligramu 20, iliyokuwa ikitosha wiki nzima, ilibaki na rangi ya chai ya maziwa. Ya 40 ilikuwa na mabonge makubwa mfano wa pamba iliyochambuliwa, yakishuka taratibu na kuacha maji meupe juu. Mimi nikasema tusonge hadi 60, yatashuka upesi zaidi. Mtaalamu wa zamu, mama mmoja ambaye maabara nzima walimwita Shangazi, hakubishana nami. Alininyooshea kipima pH. Bika ya 60 ilikuwa imeshuka chini ya 6 na maji yake yana ukungu.

Maelezo yake mnayajua, yako ukutani hapo:

```
Al³⁺ + 3HCO₃⁻ → Al(OH)₃ + 3CO₂
```

Shabu inakula bikaboneti. Kila miligramu moja ya shabu humaliza takriban nusu miligramu ya alkalini, tukiipima kama kalisi kaboneti. Maji ya mvua yana alkalini kidogo. Ukizidisha shabu, pH inaporomoka na hiyo haidroksaidi ya alumini haigandi sawasawa, nyingine hubaki imeyeyuka. Mlinganyo huu niliukariri mwaka wa kwanza. Kuuona ukifanya kazi ndani ya bika ni habari nyingine. Na kuna upande wa fedha: kila mita za ujazo 1,000 zinazopita, miligramu 10 za ziada kwa lita ni kilo 10 za shabu zilizotupwa bure.

Ustadi wa pili ni kuchukua sampuli. Nakiri nilikwenda nikidhani ni kazi ya kubeba chupa. Chupa ya kupimia bakteria huwekwa kwanza sodiamu thayosalfeti kidogo ili kuizima klorini. Bila hiyo, klorini inaendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njia nzima, na ukifika maabara unapata majibu mazuri ya uongo. Bomba la chuma unalifuta, unaliunguza kwa moto, unaliacha litiririke, ndipo unakinga. Chupa inakaa kwenye boksi la barafu mpaka maabara.

Ngamiani mama mmoja aliniona na kibiriti mkononi akaja mbio: “We mwanangu, bomba langu lina kosa gani mpaka ulichome?” Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kuwa naua wadudu walioko mdomoni mwa bomba ili nipime maji yenyewe. Akaniuliza lile ambalo ndani ya wiki zile niliulizwa karibu kila mtaa: mbona siku nyingine maji yananuka dawa? Nikatia kidonge cha DPD cha kupimia klorini kwenye kichupa chake cha maji, yakageuka waridi hafifu. Nikamwambia rangi hiyo ndiyo ulinzi: tunataka klorini huru ifike bombani angalau miligramu 0.2 kwa lita, isipoonekana kabisa ndipo tuwe na wasiwasi. Akaita na majirani waje kuona. Kueleza namna hii, bila kujificha nyuma ya maneno ya darasani, nilikuwa sijawahi kufundishwa, na naona ni ustadi wa kazi kama ulivyo upimaji wa titresheni.

Mambo mengine niliyojifunza nitayataja kwa haraka: kurekebisha kipima tope na kipima pH kila asubuhi kabla ya sampuli ya kwanza, kupanga takwimu kwenye Ekseli, na kuandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino bila kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja na kutia saini.

Daftari hilo ndilo lililonipeleka kwenye hoja ninayotaka kuileta kwenu. Likizo yetu inaangukia kiangazi. Mto umetulia, tope liko chini, na bika zinatoa jibu lilelile kutwa. Masika, Machi hadi Mei, sisi tuko darasani, na huo ndio wakati maji yanapompima mkemia. Ile mvua moja ya milimani ilikuwa bahati yangu tu. Nilipoona hivyo nikamwomba Shangazi madaftari ya masika iliyopita. Nikachora tope dhidi ya dozi ya shabu, siku kwa siku. Mchoro ndio huu. Tazameni upande wa kulia: dozi hupanda tope linapopanda, lakini si kwa mstari ulionyooka, na siku mbili zenye tope sawa zimetumia dozi tofauti kwa sababu alkalini hazikulingana. Hakuna jedwali la kitabuni litakalompa mtu namba ya kesho.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, wanafunzi wanaopangiwa maabara za maji waruhusiwe kugawa muda wao, sehemu iwe likizo ndefu na siku chache ziwe ndani ya masika, hata kama ni wikiendi. Najua ratiba ni ngumu; ikishindikana, basi kila anayekwenda apewe kazi ya kuchambua madaftari ya msimu wa mvua, kwa ruhusa ya wenyeji wake. La pili ni jepesi zaidi. Mwaka wa pili tuna mazoezi mengi ya titresheni ya asidi na besi ambayo jibu lake tunalijua kabla ya kuanza. Moja likibadilishwa likawa jaribio la bika kwa maji ya mtoni, vifaa vyote vipo stoo yetu isipokuwa mashine ya makasia, na kukoroga kwa mkono kunatosha kuanzia.

Nimeleta lita tano za maji ghafi na shabu ya kutosha. Tukimaliza maswali, anayetaka kujaribu aje mezani.