Sahani ya Dereva

Kwenye hoteli ya Singida ambako basi lao husimama, dereva halipi. Ndiyo desturi ya njia hii: umeleta abiria hamsini, basi unawekewa sahani yako pembeni, wali na paja la kuku wa kienyeji. Sahani ya Mazengo ilikuwa inaliwa na Juma, konda wake.

"Shibe ni usingizi," Mazengo alikuwa akisema, "na usingizi kwenye usukani ni kaburi." Alichotaka ni chai ya rangi tu, iliyochemka mpaka ikawa nyeusi, sukari kidogo. Alikuwa na chupa yake ya chai chini ya kiti. Alijimiminia kabla ya kutoka stendi ya Dodoma saa kumi na mbili alfajiri, akaongeza Manyoni, akaijaza upya Singida. Nzega alimwachia mwenzake usukani, akajilaza kiti cha nyuma hadi Mwanza. Chakula chake cha kwanza kilikuwa ugali wa saa tatu usiku, mlima mzima, halafu kitandani.

Maumivu yalianzia chini ya kifua, moto wa kuja na kuondoka. Akanunua diklofenaki duka la dawa. Ilipunguza siku mbili, kisha moto ukarudi na nguvu mpya. Stendi kila mtu alikuwa na jina lake: figo, ngiri, mkono wa mtu. Shemeji yake wa Bahi alimletea mizizi ndani ya gazeti. Mazengo hakuitumia, lakini hakuitupa pia.

Siku moja, wakiteremka Sekenke, tumbo lilimkaba hasa kwenye kona. Alishikilia usukani, akashusha gia, akalifikisha basi chini salama. Hapo akaweka pembeni, akainama.

"Suka, vipi?" Juma aliuliza.

"Waambie wachimbe dawa."

"Tumechimba sasa hivi, suka."

"Wachimbe tena!"

Waliporudi Dodoma, mkewe alimtangulia kituo cha afya na kumshikia foleni, maana alijua akimwacha aende peke yake ataishia stendi. Daktari alikuwa binti mdogo, rika la mwanawe wa kwanza. Alimbonyeza tumbo, akamtuma kupima choo kama kuna bakteria wanaosababisha vidonda. Majibu yakatoka: hakuna.

"Kwa hiyo sina ugonjwa?"

"Maumivu unayo, baba. Hebu nisimulie siku yako ya safari, toka ulipoamka."

Mazengo akasimulia. Alfajiri, chai. Manyoni, chai. Alipofika Singida akasema abiria walishuka kula, Juma akala, hata yule mtoto wa siti ya mbele akala chipsi.

"Na wewe?"

"Mimi chai."

Daktari hakusema kitu. Mkewe ndiye aliyecheka, kicheko kisicho cha furaha. "Mimi namfungia chapati kila safari. Kumbe nawafungia watu wa stendi!"

Daktari akamweleza kwamba tumbo huendelea kutoa asidi hata pasipo chakula, na chai kali ina kafeini, inayolichochea litoe zaidi. Ikikuta tumbo tupu inauchokoza utando wa ndani. Diklofenaki nayo inaudhoofisha utando huohuo. Hiyo aiache leo. Akamwandikia omeprazoli, ameze nusu saa kabla ya kifungua kinywa.

"Kifungua kinywa?" Mazengo aliuliza.

"Ndiyo, baba. Kipo kwenye dawa." Akaongeza, bila tabasamu, kwamba akitapika damu au akipata choo cheusi asisubiri safari iishe.

"Na usingizi, daktari? Mimi nabeba roho za watu."

"Kinacholaza ni ule mlima, baba. Kula kidogo kidogo: uji na chapati nyumbani, kitu Manyoni, nusu sahani Singida. Na usingizi wenyewe unalalwa usiku. Chai haiwezi kulala kwa niaba yako."

Safari iliyofuata alikunywa uji wa ulezi akiwa amenuna. Chupa ya chai ilikuwepo, ila mkewe aliijaza maji. Manyoni alikula ndizi mbili, akingoja usingizi uje kumthibitishia kuwa daktari bado mtoto. Haukuja. Moto ulikuja, lakini mdogo.

Singida, Juma alishakaa mezani, mikono imenawa, sahani ya dereva mbele yake. Mazengo akavuta kiti, akaivutia kwake.

"Suka, unaumwa?"

"Nimeambiwa nile."

"Yote?"

"Nusu."

Juma akachangamka. "Basi nusu nyingine..."

"Nusu nyingine nafungiwa, naila Nzega." Akamwita mhudumu. "Dada, nipe mfuko. Na huyu kijana mpe bei ya kuku."

Mhudumu akaitaja. Juma akaagiza chai.